RSI tatu kutoka bei zilezile: je, kujijengea fomula kwenye lahajedwali kuna faida?

Bei sita zinatosha kuzua ubishi. Chukua 100, 104, 102, 106, 108 na 104, kila moja ikiwa bei ya hisa moja ya kufunga siku yake, kisha waombe watu watatu wakupe RSI ya siku 4 kwa siku ya mwisho, yaani kipimo cha 0 hadi 100 kinachopima kupanda kwa bei dhidi ya kushuka kwake. Wa kwanza ataleta 57.69, wa pili 50, wa tatu 44.12. Hakuna hata mmoja aliyekosea kujumlisha. Ila kwa kuwa 50 ndiyo mpaka kati ya nguvu ya wanunuzi na ya wauzaji, wa kwanza na wa tatu wataondoka wakiamini mambo yanayopingana.

Wanaodharau kazi ya lahajedwali husema programu ya chati inatoa RSI kwa kubofya mara moja, kwa hiyo kujaza safu kwa mkono ni kupoteza jioni. Hoja hiyo ina uzito. Lakini programu itakupa moja tu kati ya namba zile tatu, na mara nyingi haitakueleza kwa nini imechagua hiyo. Ili kuona tofauti inakotoka, inabidi fomula ifunguliwe, na mahali rahisi pa kuanzia ni EMA, wastani wa bei unaozipa siku za karibuni uzito zaidi, ambao ni mwepesi kuliko RSI lakini una tabia ileile ya kujirejelea.

Weka tarehe kwenye safu A na bei kwenye safu B kuanzia mstari wa 2, ya zamani ikiwa juu. Kwenye K1 andika 4, idadi ya siku. Kwenye K2 weka alfa, yaani uzito wa bei ya leo, ambayo kwa siku 4 inakuwa 0.4. Kisha:

```
K2:  =2/(K1+1)
C5:  =AVERAGE(B2:B5)
C6:  =$K$2*B6+(1-$K$2)*C5
```

Seli ya C5 ndiyo mbegu: wastani wa kawaida wa bei nne za kwanza, 103. Kuanzia C6 kila seli inachukua asilimia 40 ya bei ya leo na asilimia 60 ya seli iliyo juu yake. C6 inakuwa 0.4 mara 108 jumlisha 0.6 mara 103, yaani 105. Ukiburuta fomula chini, C7 inakuwa 104.6. Hapa ndipo neno “kujirejelea” linapoacha kuwa la vitabuni. Bei ya siku ya kwanza haionekani popote katika fomula ya C7, lakini imo, imefichwa ndani ya C6, ambayo nayo imeificha ndani ya C5.

Sasa jenga safu nyingine pembeni yenye mbegu tofauti. Badala ya kungoja siku nne, anza na bei ya kwanza, 100, kama EMA ya siku ya kwanza, kisha endelea kwa fomula ileile. Kwenye mstari wa 5 utapata 103.456, wa 6 utapata 105.2736, wa 7 utapata 104.76416. Toa safu moja kwenye nyingine uone mabaki: 0.456, kisha 0.2736, kisha 0.16416. Kila moja ni asilimia 60 ya iliyotangulia. Kosa la kuanzia, kama ni haki kuliita kosa, linapunguzwa kwa kiasi kilekile kila siku na halifiki sifuri kamwe, linafifia tu. Chati iliyochorwa tayari haikuonyeshi jambo hili, na kwangu mimi hilo peke yake linatosha kuihalalisha jioni ile.

Turudi kwenye RSI. J. Welles Wilder aliieleza mwaka 1978 akitumia siku 14, na ulainishaji wake una umbo ambalo mtu mwenye kalamu angelipenda: chukua wastani wa jana, uzidishe kwa 13, ongeza badiliko la leo, gawanya kwa 14. Huhitaji kukumbuka siku 14 zilizopita. Unahitaji namba mbili tu za jana, wastani wa kupanda na wastani wa kushuka. Kwenye lahajedwali letu la siku 4 inakuwa hivi:

```
D3:  =MAX(B3-B2,0)
E3:  =MAX(B2-B3,0)
F6:  =AVERAGE(D3:D6)
G6:  =AVERAGE(E3:E6)
F7:  =(F6*($K$1-1)+D7)/$K$1
G7:  =(G6*($K$1-1)+E7)/$K$1
H6:  =IF(F6+G6=0,50,100*F6/(F6+G6))
```

D inabeba kupanda na E inabeba kushuka, zote zikiburutwa kutoka mstari wa 3. Mabadiliko manne ya kwanza ni kupanda 4, kushuka 2, kupanda 4 na kupanda 2. Wastani wa kupanda ni 2.5, wa kushuka ni 0.5, na H6 inatoa 83.33. Siku inayofuata bei inashuka 4. Wastani wa kupanda unakuwa 2.5 mara 3 gawanya kwa 4, yaani 1.875. Wa kushuka unakuwa 0.5 mara 3, ongeza 4, gawanya kwa 4, yaani 1.375. H7 inatoa 57.69. Huyo ni mtu wetu wa kwanza.

Wa pili hakutumia ulainishaji wowote. Alichukua wastani wa kawaida wa mabadiliko manne ya mwisho: kupanda jumla 6, kushuka jumla 6, kwa hiyo 50. Kwake, kupanda kwa 4 kwa siku ya pili kumeshatoka dirishani kabisa. Wa tatu alilainisha, lakini kwa alfa ya EMA ya 0.4 badala ya 0.25 ya Wilder. Kwake wastani wa kupanda ulishuka hadi 1.5, wa kushuka ukaruka hadi 1.9, na RSI ikawa 44.12. Siku 4 za Wilder si siku 4 za EMA. Alfa ya Wilder ni 1 gawanya kwa N, na ile ya EMA ni 2 gawanya kwa N jumlisha 1, kwa hiyo Wilder wa siku 14 ana kumbukumbu sawa na EMA ya siku 27. Anayeandika “RSI 14” bila kusema ni ulainishaji gani amesema nusu ya jambo.

Mpaka hapo lahajedwali limejitetea vizuri. Upande wa pili nao una hoja, na iliyo nzito zaidi haihusu uvivu. Ni kwamba lahajedwali linakosea kimyakimya. Mfano mmoja uliwahi kunila saa nzima: niliandika mistari minne ya kwanza ya safu za kupanda na kushuka kwa fomula inayoacha seli ikionekana tupu badala ya sifuri, kwa sababu sifuri nyingi zilinichosha macho. AVERAGE hairuki sifuri, lakini huruka seli ya aina hiyo. Kwa mabadiliko yetu manne, wastani wa kushuka haukuwa tena 2 gawanya kwa 4. Ukawa 2 gawanya kwa 1. Wa kupanda ukawa 10 gawanya kwa 3. RSI ya kwanza ikashuka kutoka 83.33 hadi 62.5, bila onyo lolote jekundu. Na kwa kuwa wastani huo wa kupanda na wa kushuka ndio mbegu, kila seli iliyo chini yake ililirithi kosa.

Alama ya dola nayo ina hila yake. Ukisahau kufunga K2 kwenye fomula ya EMA, C6 itakuwa sahihi kabisa, lakini C7 itaangalia K3, ambayo ni tupu na huhesabiwa kama sifuri. Alfa ya sifuri maana yake bei ya leo haina uzito, kwa hiyo 105 itajirudia hadi mwisho wa safu. Kosa hili angalau linajitangaza. Baya zaidi ni data iliyopakuliwa ikiwa imepangwa ya karibuni juu. Fomula zitafanya kazi bila kulalamika, ila zitakuwa zinatembea kutoka leo kwenda zamani, na wastani wa kila siku utakuwa umebeba bei za siku zilizofuata. Dalili yake kwenye mchoro ni kwamba mstari wa EMA unageuka kabla ya bei, jambo ambalo EMA ya kweli haiwezi kulifanya.

Halafu kuna urefu wa historia. Wengi huweka bei za siku 30, wakakokotoa RSI 14, wakalinganisha na chati, wakaona namba haziendani, wakahitimisha kwamba fomula yao ni mbovu. Fomula ni nzima. Tatizo ni mbegu. Kwa Wilder wa siku 14, kila siku mbegu inabaki na sehemu 13 kati ya 14 za uzito wake wa jana. Baada ya siku 14 za kulainisha bado ina takriban asilimia 35 ya uzito wake wa awali, na inachukua siku 63 hivi ishuke chini ya asilimia 1. Programu iliyoanza kuhesabu miaka mingi nyuma imeshaisahau mbegu yake. Wewe bado unaitafuna. Weka bei 100 au zaidi kabla ya siku unayoitaka, ulinganishe tena. Tofauti ikibaki kubwa, basi chunguza alfa, kisha bei zenyewe.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka lahajedwali liwe chombo cha kila siku, hasa kwa hisa kadhaa kwa pamoja. Fomula ya mnyororo ina udhaifu wa mnyororo: seli moja iliyoandikwa namba kwa bahati mbaya inakata uhusiano na kila kilichotangulia, na huwezi kuiona mpaka uibofye. Wala sikubaliani na wanaoona kulijenga ni mchezo wa watoto. Mimi ningelijenga mara moja, kwa siku 4 wala si 14, kwa mistari isiyozidi kumi, namba zote zikikokotoleka kwenye karatasi. Kisha ningelihifadhi bila kulifuta. Siku programu mpya ikinipa RSI, ninailisha bei zilezile sita na kuiomba RSI ya siku 4. Ikijibu 57.69 ni Wilder. Ikijibu 50 ni wastani wa kawaida. Ikijibu 44.12 ni EMA. Ikijibu kitu kingine, huenda kuna mbegu ya namna nyingine ndani yake, na hapo naanza kusoma maelezo yake ya matumizi.