"Nimekuuzia" ya WhatsApp haijakupa kiwanja

"Tulielewana kwa WhatsApp bei ya kiwanja cha Kisauni, milioni moja na laki mbili. Mwenyewe akaniandikia: sawa, nimekuuzia, tuma laki moja tufunge. Nikatuma kwa M-Pesa. Wiki tatu baadaye nasikia kamuuzia mwingine. Kwani huo si mkataba?"

Ungekuwa unanunua tuktuk iliyotumika, ningekwambia mkataba upo na unaweza kumshitaki. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2009, inasema wazi kwamba mtu anaweza kutoa ofa na mwenzake akaikubali kwa ujumbe wa kielektroniki, na mkataba haukataliwi kwa sababu tu ulifanyika kwa njia hiyo. Mahakama ingetafuta mambo yale yale ya siku zote: mali inajulikana, bei inajulikana, mmoja ametoa ofa, mwingine amekubali, na wote wawili walikuwa na nia ya kufungana. Meseji zako zinayo hayo yote.

Kubofya "Nakubali" kwenye simu nako kunahesabiwa vivyo hivyo, mradi masharti yalikuwepo mbele yako kabla hujabofya. Kusema hukuyasoma hakukuokoi. Kinachoweza kukuokoa ni kwamba hukuonyeshwa, au yaliongezwa baadaye. Kuna kesi ya Saskatchewan, Kanada, iliyochekesha wengi mwaka 2023: mkulima alitumiwa picha ya mkataba wa kuuza kitani, akajibu kwa imoji ya dole gumba. Alipokosa kupeleka mzigo, mahakama ikamtoza zaidi ya dola 82,000 za huko. Waliocheka wengi hawakusoma sababu. Mkulima huyo na mnunuzi wake walikuwa wamefanya biashara miaka kadhaa kwa majibu mafupi ya "sawa" kwenye simu, na kila mara mzigo ulifika. Dole gumba lilisomwa kwa kuangalia mazoea yao. Likitoka kwa mtu ambaye hamjawahi kufanya naye biashara, huenda likamaanisha tu "nimeona".

Lakini wewe hukununua tuktuk. Kwa ardhi, kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, kinazuia mtu kufungua kesi juu ya mkataba wa kuuza haki ya ardhi isipokuwa mkataba uwe umeandikwa, umetiwa sahihi na pande zote, na kila sahihi imeshuhudiwa na mtu aliyekuwepo wakati inatiwa. Kifungu hakisemi makubaliano yenu ni uongo. Kinasema mlango wa mahakama umefungwa kwa anayekuja kuyadai.

Wakili wako anaweza kujaribu. Maandishi yapo, atasema, kwani WhatsApp ni maandishi. Na sahihi, kwa maana ya sheria hiyo hiyo, ni pamoja na mtu kuandika jina lake au herufi za mwanzo za jina kuonyesha kwamba anajifunga. Ikiwa muuzaji alimaliza ujumbe kwa jina lake, hoja hiyo ina uzito kiasi. Mwaka 2020 bunge likaongeza kwamba sahihi ya kielektroniki ya daraja la juu nayo inakubalika. Ila hiyo si jina lililochapwa mwishoni mwa meseji, wala picha ya sahihi iliyobandikwa kwenye PDF. Ni sahihi iliyofungamana na mtu mmoja, inayomtambulisha, aliyoitia kwa nyenzo iliyo mikononi mwake peke yake, na iliyoungana na waraka kiasi kwamba ukibadilisha hata tarakimu moja baadaye, inajulikana.

Hata ukivuka hapo, shahidi yuko wapi? Nani alikuwepo jamaa akiandika "nimekuuzia"? Dalali aliyewakutanisha hakuona kidole chake kikichapa. Hoja inavunjika hapa, na siioni njia ya kuiunganisha.

Wapo wanaosema kanuni hii imepitwa na wakati, na hoja yao si ya kupuuza. Mombasa ya leo dalali anatuma picha za kiwanja kwa simu, bei inajadiliwa kwa simu, pesa zinapita kwa simu. Kumwambia mtu kwamba yote hayo hayana nguvu kwa kukosa shahidi ni kumpa muuzaji mjanja mwanya: anapokea laki yako, anakuweka pembeni, anasubiri mwenye bei nzuri zaidi. Akishikwa, anarudisha laki na hapotezi kitu. Fidia ya kuvunja mkataba huwezi kuidai, kwa kuwa nayo ni kesi juu ya mkataba ule ule uliozuiwa.

Upande wa pili nao unajua Pwani yetu. Kiwanja kimoja kinaweza kuwa cha mirathi ambayo haijagawanywa, na mtoto mmoja ndiye mwenye simu. Mume anaweza kuahidi usiku kitu ambacho mke hajakisikia. Shahidi na karatasi vinawachelewesha watu, na huko kucheleweshwa ndiko kunakompa ndugu nafasi ya kujua na kupinga. Mimi niko upande huu kwa sharti la shahidi. Lakini naona sheria imekosea kumwacha muuzaji aliyepokea pesa atoke bila hata adhabu ndogo.

Mlango wako ulio wazi ni wa laki moja. Usidai kiwanja, dai pesa alizozipokea kwa jambo lisilotimia. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya namna hiyo hadi shilingi milioni moja, na sheria yake inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Haisikilizi mzozo wa nani mwenye ardhi, kwa hiyo andika dai lako kwa uangalifu. Ukianza kuomba hatimiliki, utaambiwa uende mahakama yenye mamlaka ya kusikiliza kesi za ardhi.

Kwenye dai hilo la laki moja meseji zako zina kazi, si kama mkataba bali kama ushahidi wa pesa zilikuwa za nini. Usizifute, wala usitegemee picha mbili za skrini. Hamisha mazungumzo yote kwa "Export chat", na chukua taarifa ya M-Pesa. Kisha andaa cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza nakala zimetokana na kifaa gani na zilitolewaje, kikiwa na sahihi ya anayehusika na kifaa hicho. Angalia pia jina lililotokea ulipotuma pesa. Likiwa la mpwa wa muuzaji na hatimiliki ina jina la muuzaji mwenyewe, tarajia akuambie hakupokea senti. Hapo ndipo ule ujumbe wa "tuma laki moja", ukiwa na namba aliyoitaja yeye mwenyewe, unapokuwa na thamani kuliko "nimekuuzia".

Kuna hali moja inayobadilisha hesabu. Kifungu hicho hicho cha 3(3) kinaacha nje amana inayozaliwa na mwenendo wa watu. Kama angekukabidhi kiwanja, ukalipa sehemu kubwa, ukajenga huku akikutazama, mahakama ingeweza kusema anakishikilia kwa niaba yako. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ilimlinda kwa msingi huo mnunuzi aliyelipa na kukabidhiwa shamba, ingawa idhini ya bodi ya ardhi haikupatikana. Lakini hao ni watu walioingia na kukaa. Wewe umetuma laki moja, na hujaweka hata jiwe la mpaka.