Mashine ngapi, wachunaji wangapi? Hesabu iliyo nyuma ya mzozo wa chai Kericho

Mei 2023 mashine kadhaa za kuchuna majani chai zilichomwa moto Kericho. Tangu hapo hoja imekuwa ikirudiwa kwa sauti mbili. Upande mmoja unasema mashine moja inafanya kazi ya watu wengi, hivyo kampuni isiyozinunua inajiua yenyewe mbele ya mnada wa Mombasa. Upande wa pili unasema mashine inakula kazi za watu wasio na pa kwenda. Pande zote mbili zinazungumza kana kwamba kuna njia mbili tu, mkono au mashine. Mimi naona hapo ndipo mjadala unapopotea, kwa sababu shamba la chai lina michanganyiko mingi katikati, na uchumi wa uzalishaji una njia ya kuipima.

Chukua shamba linalotaka kilo 4,000 za majani mabichi kwa siku. Tarakimu hizi ni zangu, nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi. Mchunaji mmoja anachuna kilo 40, kwa hiyo bila mashine wanahitajika watu 100. Wakileta mashine moja ya kuendeshwa, wanatosha watu 75, wakiwemo 3 wa kuihudumia, na kila mashine inayofuata nayo inataka 3 wake ndani ya hesabu. Mashine mbili, watu 57. Tatu, watu 47. Nne, watu 42. Ukiweka idadi ya mashine kwenye mhimili mmoja wa mchoro na idadi ya watu kwenye mwingine, kisha ukaunganisha nukta hizo tano, unapata isokwanti: mkunjo ambao kila nukta yake inatoa kilo zile zile 4,000.

Tazama namna mkunjo unavyoshuka. Mashine ya kwanza inaondoa watu 25, ya pili 18, ya tatu 10, ya nne 5. Idadi hiyo ya watu wanaopungua kwa kila mashine inayoongezwa, huku mavuno yakibaki pale pale, ndiyo kadiri ya ubadilishanaji wa kiufundi. Inapungua kwa sababu iliyo shambani kabisa. Mashine ya kwanza utaipeleka kwenye kipande tambarare, chenye vichaka vilivyokatwa vikawa sawa kama meza. Ya pili itapata mteremko kidogo. Ya tatu inakutana na mabonde, mitaro na vichaka vya zamani ambavyo mistari yake haikupandwa kwa kufikiria magurudumu. Pale mkono wa mtu haushindwi kirahisi.

Sasa tia bei. Tuseme mchunaji anaigharimu kampuni shilingi 700 kwa siku, nyumba na michango yote ikiwemo, na mashine inagharimu 8,400 kwa siku ukijumlisha uchakavu, riba, mafuta na matengenezo. Gawanya: mashine moja ina bei ya wachunaji 12. Huo ndio mwinamo wa mstari wa gharama sawa, yaani mstari unaounganisha michanganyiko yote ya mashine na watu yenye gharama moja. Kampuni inanufaika kuongeza mashine maadamu mashine hiyo inaondoa zaidi ya watu 12. Ya kwanza inapita, ya pili inapita, ya tatu inaanguka. Ukihesabu gharama nzima utaona hivyo hivyo: watu 100 peke yao ni shilingi 70,000 kwa siku; mashine moja, 60,900; mbili, 56,700; tatu, 58,100; nne, 63,000. Mchanganyiko wa gharama ndogo kabisa ni mashine 2 na watu 57. Katika nukta hiyo hakuna shilingi unayoweza kuihamisha kutoka kwa watu kwenda kwa mashine, wala kurudi, ukaokoa kitu.

Kwa hiyo anayesema mashine inafanya kazi ya watu wengi anaweza kuwa mkweli na bado akakosea uamuzi. Anataja sifa ya mashine bora kwenye kipande bora, kisha anaitumia kuhalalisha mashine ya tatu na ya nne. Kinachoamua ni mashine inayofuata, mahali itakapofanya kazi.

Hata hivyo hesabu hiyo hiyo ina habari ngumu kwa wanaodai mishahara. Gharama ya mchunaji ikipanda kutoka 700 hadi 900, mashine inakuwa na bei ya wachunaji 9 na kitu. Mashine ya tatu, iliyokuwa hasara, sasa inaondoa watu 10 na inalipa. Gharama ya mchanganyiko wa mashine mbili inakuwa 68,100, wa mashine tatu 67,500. Kwa tofauti ya shilingi 600 tu kwa siku, watu 10 wanatoka. Sisemi wachunaji wasidai. Kazi ile ni ya mgongo na vidole, na wanastahili kulipwa. Nasema chama cha wafanyakazi kinachoingia kwenye majadiliano bila kujua mkunjo wa shamba husika kinacheza gizani.

Lakini hesabu ya kampuni nayo ina ufa, na ndio unaonisumbua zaidi. Isokwanti inadai mavuno yawe yale yale. Kilo 4,000 za mkono na kilo 4,000 za mashine si kitu kimoja. Mchunaji stadi anachagua majani mawili na chipukizi. Mashine inafyeka kila kilichovuka urefu wake, vijiti na majani yaliyokomaa yakiwemo. Tuseme kasoro hiyo inapunguza thamani kwa shilingi 5 kwa kila kilo mbichi. Mashine ya pili inaondoa watu 18 na kuchukua wengine 3 wa kuihudumia, kwa hiyo inachuna sehemu ya watu 21, yaani kilo 840 kwa siku, hivyo hasara ni shilingi 4,200. Na faida yake ilikuwa kiasi gani? Watu 18 mara 700, toa 8,400: shilingi 4,200. Faida yote imeyeyuka. Kwa kuwa kilo moja ya chai iliyokaushwa hutokana na kilo 4 na nusu hivi za majani mabichi, shilingi 5 hizo ni kama 22 kwenye kilo inayofika mnadani. Meneja anayepima kazi kwa mizani ya shambani peke yake hataiona hasara hiyo. Itamtokea wiki kadhaa baadaye kwenye bei, naye ataulaumu mnada.

Kuna jambo jingine ambalo mchoro hauna uwezo wa kulionyesha. Mstari wa gharama unatumia mshahara anaolipa mwajiri. Kwa kaunti, mchunaji aliyeachishwa asiyepata kazi nyingine hajaokoa shilingi 700. Jamii imepoteza jasho lake bure. Ndiyo maana mkulima mdogo anayeuza kwa kiwanda chini ya KTDA, wakala unaosimamia viwanda vya wakulima wadogo wa chai, akichuna na familia yake, anaweza kubaki na mkono bila kuwa mjinga: saa za familia yake hazina mnunuzi mwingine wa 700. Kampuni haiwezi kulazimishwa ihesabu kwa macho ya kaunti, ila serikali inaweza kubadilisha mwinamo wa mstari kwa ushuru au unafuu wa kodi, mradi ikubali kwamba shilingi hizo zinatoka mfukoni mwa mtu.

Nikipima yote, naegemea mashine chache kwenye vipande tambarare na mkono kwingine kote, na nisingesaini mkataba wa upande wowote kabla ya kuona mambo mawili: kila mashine inapunguza watu wangapi kwenye kipande itakachopelekwa, na ukaguzi wa majani kwenye lango la kiwanda, ya mashine yakipimwa mbali na ya mkono.