Sarafu za bure zilizokula elfu arobaini

Mbalamwezi ikiwaka Kigoma, wavuvi wa dagaa wanakaa nchi kavu. Taa haina kazi kama ziwa zima linang'aa, kwa hiyo vijana wanarudi Mwanga na Kibirizi kusubiri giza, na kwa sisi mawakala wa pesa za simu hizo ndizo siku za kutoa hela, siyo za kuweka. Nani anaweka hela wakati haingii ziwani?

Mwezi uliopita alikuwepo mmoja aliyekuwa anaweka. Elfu tano asubuhi, kesho yake elfu tano jioni, halafu tena. Mara ya nne nikamuuliza, mdogo wangu, unamtumia nani? Akacheka. "Hakuna kaka, nanunua sarafu za gemu." Nikamwambia hiyo ni kamari. Akanikatalia huku ananihurumia kabisa, kama mtu anayemwelewesha babu: "Kamari unashinda hela. Hii hata ukishinda hawakupi kitu. Ni ya bure hii."

Hilo jibu limenikaa kooni mpaka leo. Yaani utetezi wa mchezo ni kwamba huwezi kushinda!

Niliomba simu nikaangalia. Ni mashine ya kuzungusha matunda na almasi, kama dubwi tu, ila imevaa suti. Siku ya kwanza walimpa sarafu 1,000,000 bila kulipa hata senti, na mzunguko mmoja ulikuwa sarafu 5,000. Maana yake mizunguko 200. Anashinda, sarafu zinarudi, anapanda levo, anajiona tajiri. Hakulipa na wala hakuwa na sababu ya kulipa.

Shida ilianza alipofika levo ya ishirini. Kile kitufe cha sarafu 5,000 hakipo tena. Cha chini kabisa sasa ni 50,000. Bonasi ya bure inakuja kila baada ya masaa matatu, sarafu 300,000, na yeye anaisifia kweli kweli kwamba jamaa wanatoa laki tatu. Gawanya basi. Laki tatu kwa elfu hamsini ni mizunguko sita. Mzunguko mmoja unachukua kama sekunde nne. Anasubiri masaa matatu ili acheze nusu dakika hivi, labda na kidogo kama bahati imemtembelea, halafu sarafu zinaisha na hapo hapo linafunguka dirisha lenye ofa, bei ya zamani imepigwa mstari, na saa inahesabu kurudi nyuma. Ofa haikuja alipokuwa na milioni. Imesubiri afike sifuri.

Kifurushi chake kilikuwa shilingi 5,000 kwa sarafu 6,000,000. Milioni sita! Zigawanye kwa 50,000, unapata mizunguko 120, kila mmoja kama shilingi 42. Baada ya siku chache akafika levo ya arobaini na gemu likampongeza: kifurushi kile kile cha elfu tano sasa kinampa sarafu 12,000,000, mara mbili. Alinionyesha kwa furaha. Nikamuuliza mzunguko wa chini sasa ni kiasi gani. Laki mbili. Milioni kumi na mbili kwa laki mbili ni mizunguko 60, kila mmoja shilingi 83. Wamemwongezea sarafu mara mbili na bei ya kucheza imepanda mara mbili, kwa siku ile ile, kwa fataki na vigelegele. Muuza dagaa wa Kibirizi akikufanyia hivyo kwenye fungu mnafikishana kwa mwenyekiti wa mtaa.

Ndiyo maana hawakuuzii mizunguko, wanakuuzia sarafu. Sarafu wanazipima wao na wanaweza kuzishusha thamani saa yoyote. Mimi ningetaka jambo moja tu, kwamba kwenye kile kitufe cha kuzungusha paandikwe "Sh 83". Wasiongeze hata neno. Tuone kama kidole hakitasita.

Kitu kingine nilikiona nikiwa nimeinama kwenye ile simu. Aliweka 200,000, picha zikasimama, zikamrudia 80,000. Amepoteza 120,000. Lakini muziki ulilia, sarafu zikamwagika kama mvua ya masika, skrini ikaandika WIN. Na yeye akatabasamu! Dubwi la pale baa linameza mia mbili yako kimya kimya, na mwenye dubwi anatakiwa awe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Hili la kwenye simu linakupongeza likikuibia.

Wanasheria wana hesabu yao: kamari ni lazima uwe umetoa kitu, kuwe na bahati, na kuwe na zawadi. Ondoa kimoja umechomoka. Hawa wameondoa zawadi. Lakini 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho kule Marekani iliangalia gemu la aina hii, Big Fish Casino, kwa sheria za jimbo la Washington na kusema chipu zake, yaani sarafu zake, zina thamani, kwa sababu bila hizo huendelei kucheza mpaka ununue nyingine. Kesi iliishia kwenye makubaliano ya dola milioni 155, mwaka 2020. Jaji wa Marekani aliona kile ambacho mdogo wangu wa Kibirizi hataki kukiona.

Kuna na ndugu wa gemu hili, mchezo wa sarafu za aina mbili. Unanunua za dhahabu ambazo hazina kazi, halafu unapewa "zawadi" ya zile nyingine zinazobadilishwa kuwa dola. Hapo kilichoondolewa ni malipo, kwa madai kwamba ukitaka unaweza kuzipata bure kwa kutuma barua ya mkono kwa posta. Haya, nenda posta ya Kigoma. California na Montana walipitisha sheria za kuupiga marufuku mwaka 2025. Huku kwetu vijana wanauingia kwa programu za kuficha mahali walipo, kununua wanakubaliwa bila shida, wakitaka kutoa wanaombwa kitambulisho na anwani ya Marekani. Mnajua wenyewe kinachofuata.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wengi wanacheza hayo magemu na hawalipi kitu. Dada yangu anacheza mwaka wa pili na hajatoa hata mia. Sawa. Lakini biashara haiendeshwi na dada yangu, inaendeshwa na wachache wanaolipa tena na tena, na huyu mvuvi ameingia kundi hilo. Kwa mbalamwezi moja nilimwekea elfu tano mara nane. Elfu arobaini. Na kila mara nilipata kamisheni yangu, basi msidhani nimesimama juu ya mlima.

Giza lilipoingia alirudi ziwani, simu akaiacha kwangu ichaji, maana usiku ule hakutaka iloe. Saa tatu ikalia. Nikadhani ni mkewe. "Bonasi yako iko tayari! 300,000." Saa sita ikalia tena. Saa tisa. Saa kumi na mbili alfajiri, mitumbwi inarudi, ikalia mara ya nne. Levo yake ni arobaini sasa, hiyo laki tatu ni mzunguko mmoja na nusu.