Asilimia 87 inayoficha malalamiko

Nimekereka, na sababu ni slaidi moja niliyoonyeshwa hapa Kigoma mjini. Vijana walikuwa wamechukua XLM-R, modeli ya lugha iliyosomeshwa maandishi ya lugha nyingi, wakaifunza zaidi kwa jumbe mia chache za wateja wa dagaa ili izipange katika hisia chanya, hasi na za kati. Slaidi ilikuwa na namba moja tu: usahihi wa asilimia 87. Watu wakapiga makofi. Mfanyabiashara aliyekuwepo akaondoka akiamini kwamba sasa atamjua kila mteja asiyeridhika.

Hatamjua. Tufanye hesabu. Tuseme jumbe za majaribio ni 100: 72 za kati, kama “Kilo shilingi ngapi leo?”, 20 chanya na 8 hasi. Modeli ikipatia 70 za kati, 16 chanya na 1 hasi, jumla ni 87. Malalamiko 7 kati ya 8 yamepita bila kuonekana, na ni kwa ajili ya malalamiko ndipo mfumo ulihitajika. Modeli inayojibu “ya kati” kwa kila ujumbe bila kusoma lolote ingepata 72.

Nilipoomba kuona jumbe zilizokosewa, nyingi zilikuwa za namna hii: “Asante sana dada, mzigo tumeupokea, ila safari hii mchanga umezidi.” Watu wetu hulalamika kwa adabu. Wanaanza na salamu, wanashukuru, ndipo wanasema lililowaleta. Modeli ina uwezo wa kuisoma sentensi nzima, lakini wakati wa mafunzo inashika kwanza kile kinachopunguza makosa haraka, na “asante” inaashiria chanya katika mifano mingi kiasi kwamba haina haja ya kuangalia kinachofuata baada ya “ila”. Kwenye jumbe 400 za mafunzo, hasi zikiwa asilimia 8, ni 32 tu, na zenye shukrani mbele ni chache zaidi. Ukiilisha modeli jumbe 16 kwa mara moja, karibu fungu moja kati ya manne halitakuwa na lalamiko hata moja.

Nitaambiwa nitumie `Davlan/afro-xlmr-base`. Sawa, itumieni. Ni XLM-R iliyoendelea kusomeshwa maandishi ya lugha za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na mara nyingi inasaidia. Nakubali pia, shingo upande, kwamba kulipatia kosa la hasi uzito mkubwa kuliko mengine kunaamsha modeli, ingawa ukizidisha uzito huo itaanza kuita lalamiko kila swali la bei. Lakini hakuna uzito unaoweza kuifundisha mfano ambao haumo kwenye data.

Kwa hiyo nguvu iende kwenye kuweka lebo, na kwa kuchagua. Katika rundo la jumbe ambazo hazijawekwa lebo, toeni zile ambazo modeli inasitasita kati ya chanya na hasi, na zile zenye “ila”, “lakini”, “bado”, “tena”. Mia moja na hamsini za aina hiyo zitafundisha zaidi ya mia tano za kuuliza bei. Watu wawili waziwekee lebo kila mmoja peke yake. Wakitofautiana kwenye “asante, ila”, mwongozo wa lebo urekebishwe kabla ya kuendelea.

Jumbe hizo zilizochaguliwa ziende kwenye mafunzo tu. Za majaribio zichotwe kwa bahati nasibu tangu mwanzo na zifungiwe, kwa sababu seti iliyojazwa malalamiko kwa makusudi haitawaambia mfumo utafanyaje Jumatatu dukani. Na ondoeni kwanza jumbe zilizotumwa mara mbili, maana ujumbe uleule ukiwa pande zote mbili mnapima kumbukumbu.

Hata hivyo kwa hasi 8 hampimi kitu. Ujumbe mmoja ukibadilika, kiwango cha malalamiko yaliyonaswa kinaruka kwa asilimia 12.5. Rudieni mafunzo yaleyale kwa kubadilisha tu `seed`, namba inayoanzisha bahati nasibu ya mafunzo, na kwa data ndogo hivyo mnaweza kupata 1, kisha 4, kisha 2, bila kuwa mmeboresha chochote. Nawasihi mtafute angalau hasi 50 za majaribio. Kwa asilimia 8, hiyo ni kusoma jumbe kama 625 zilizochotwa bila kuchagua. Inachosha, najua, lakini mwenye dagaa ataamua kwa namba hiyo ni mzigo upi arudishe na ni mchuuzi yupi aache kununua kwake pale Kibirizi. Kisha andikeni mistari hii na muonyeshe jedwali lote, safu ya hasi ikiwa juu:

```
from sklearn.metrics import classification_report

print(classification_report(y_kweli, y_modeli, labels=["hasi", "kati", "chanya"], digits=3))
```