Pointi kumi za mwisho kabla ya soko kufungwa

Mpwa wangu anaishi Dallas, Texas, na kwa siku kadhaa alikuwa akinitumia picha za simu yake kila soko la New York linapofungwa, wakati huku Dar es Salaam imeshafika saa tano usiku. Kila picha ilionyesha faida ya dola 84. Zilikuwa siku tisa mfululizo, na siku ya kumi alinipigia simu sauti imemkauka. Ninaandika makala hii kwa sababu ninaamini hakuelezwa alichokuwa anauza, na kwa sababu vijana wengi wanaingia kwenye mlango huo huo.

Alichokuwa anauza ni opsheni za kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, yaani fahirisi ya S&P 500 zinazoisha siku hiyo hiyo, ambazo kwenye skrini huandikwa 0DTE. Opsheni ni mkataba unaompa mnunuzi haki ya kununua au kuuza kwa bei waliyokubaliana, na muuzaji hupokea ada ili abebe wajibu wa upande wa pili. Zamani mikataba ya aina hii iliisha mara moja kwa mwezi. Baadaye zikaja za kila wiki, na tangu mwaka 2022, soko la Cboe la Chicago lilipoongeza za Jumanne na Alhamisi, ipo inayoisha kila siku ya kazi. Hulipwa kwa fedha taslimu, bila mtu kukabidhiwa hisa, na kila pointi moja ya fahirisi ina thamani ya dola 100 kwa mkataba mmoja.

Mvuto wake kwa anayeanza naufahamu. Ada ni ndogo, jibu linapatikana kabla ya chakula cha jioni, na hakuna hofu ya kuamka asubuhi ukute soko limeporomoka ulipokuwa usingizini. Kwa muuzaji upo mvuto mkubwa zaidi, nao ni ile asilimia ambayo programu ya simu humwonyesha. Mpwa wangu alionyeshwa kwamba ana uwezekano wa takribani asilimia 88 wa kubaki na ada yote, naye akaisoma kama alama ya mtihani.

Nieleze biashara yenyewe, kwa hesabu nilizozipiga kwa kanuni ya Black-Scholes, inayotumika kukadiria bei za opsheni, nikichukua msukosuko wa bei wa asilimia 12 kwa mwaka, ambao ni hali ya soko tulivu. Fahirisi iko 6,000 na zimebaki saa mbili. Anauza opsheni inayompa mnunuzi haki ya kuuza kwa 5,970, na ili kujikinga ananunua ya 5,960; hiyo ndiyo jozi moja. Tofauti ya ada ni kama dola 84, ambazo zinakuwa zake fahirisi ikifungwa juu ya 5,970. Ikifungwa 5,960 au chini yake, anapoteza dola 916. Kwa hiyo hasara moja kamili inameza karibu siku kumi na moja za ushindi, na mtu mwenye uwezekano wa asilimia 88 ana nafasi kama moja kwa tatu ya kushinda siku tisa mfululizo bila kujua lolote. Siku zile tisa hazikuwa ushahidi wa ustadi, lakini yeye aliziona hivyo, na siku ya kumi akauza jozi tano badala ya moja.

Hapo ndipo gama inapoingia. Delta hupima kiasi ambacho bei ya opsheni husogea fahirisi inaposogea pointi moja; gama hupima kasi ambayo delta yenyewe inabadilika. Chukua opsheni ya kununua ambayo bei yake ya mkataba iko palepale fahirisi ilipo, yaani delta yake ni karibu 0.50. Ikiwa imebakiwa na mwezi mzima, fahirisi ikipanda pointi 10 delta inafika kama 0.52, mabadiliko ambayo hata hutayaona. Ikiwa imebakiwa na nusu saa, pointi zile zile 10 zinaifikisha karibu 0.79. Sababu ni kwamba muda unapokwisha, swali la kama mkataba utakuwa na thamani au la hujibiwa ndani ya eneo dogo sana la bei, na kila pointi ndani ya eneo hilo inabeba uzito mkubwa. Pointi 10 katika 6,000 ni kama theluthi moja ya nusu ya asilimia. Kwa mwenye hisa ni mtikisiko usiomtoa kwenye kiti.

Fuata sasa jozi tano za mpwa wangu. Alipoziuza, kila pointi moja ya kushuka ilimgharimu kama dola 30, na huo ndio uzito alioupima moyoni akaona anaumudu. Fahirisi ikashuka pointi 30, nusu asilimia tu, hadi 5,970 huku imebaki saa moja. Hasara kwenye skrini ikawa kama dola 1,500 na kila pointi sasa ina thamani ya zaidi ya dola 100. Ikabaki robo saa, fahirisi iko 5,965, na kila pointi inazidi dola 200. Dakika ya mwisho kabisa, kati ya 5,970 na 5,960, kila pointi ni dola 500. Hakuongeza hata mkataba mmoja katika saa hizo mbili, na bado mzigo aliobeba uliongezeka zaidi ya mara kumi na tano.

“Mjomba, nilikuwa naangalia simu,” aliniambia, “kila nikitaka kufunga, bei imeshakimbia.” Ninamwamini. Saa hiyo pengo kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji hupanuka, na agizo la kukata hasara linapofikiwa hugeuka kuwa agizo la kufunga kwa bei yoyote iliyopo, ambayo mara nyingi ni mbaya kuliko uliyoiandika. Kilichomshika zaidi kilikuwa tumaini: pointi zile zile zikirudi juu zingemfutia kila kitu. Fahirisi ilifungwa 5,958. Dola 4,580 ziliondoka kwenye akaunti ya dola 6,000, na faida zote tisa zilikuwa dola 756.

Na siku ile ya mpwa wangu soko lilikuwa tulivu; zipo siku zisizo tulivu. Tarehe 9 Aprili 2025, baada ya saa saba mchana wa New York, ilitangazwa kwamba ushuru mwingi wa forodha wa Marekani unasitishwa kwa siku 90, na S&P 500 ikamaliza siku imepanda zaidi ya asilimia 9. Aliyekuwa ameuza opsheni za kununua za siku ile hakupata nafasi ya kufikiri.

Ninakerwa na skrini inayomwonyesha anayeanza uwezekano wa kushinda kwa herufi kubwa na kunyamaza kuhusu thamani ya pointi moja wakati wa kufunga. Namba hiyo haihitaji kanuni ngumu: zidisha idadi ya jozi kwa 100. Mpwa wangu angeandika 500 kwenye karatasi kabla ya kubonyeza, angejua kwamba pointi kumi zinaweza kuchukua karibu akaunti nzima. Ipo pia fahirisi ndogo ya XSP, ambayo ni moja ya kumi ya ile kubwa, na jozi zinazolingana na zake huko zingempotezea kama dola 458. Aliponiuliza kama arudi kuzifidia fedha zake, nilimwomba kwanza aniambie, bila kuangalia simu, kila pointi itamgharimu kiasi gani saa tisa kasoro dakika tano za Dallas. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniaga.