Kasi ya sampuli haiondoi mtetemo bandia peke yake

"Siku hizi sensa zina kasi kubwa na bei ni ndogo. Kwa nini nihangaike na kichujio cha kuzuia mitetemo ya kasi, si niongeze tu kasi ya sampuli?" Hivyo ndivyo aliuliza fundi mmoja wa Jinja anayefunga vipima mtetemo kwenye feni za kiwandani.

Tuanze na feni yenyewe. Mota yake ya umeme wa hezi 50, ikiwa na mzigo, inazunguka mara 1,476 kwa dakika, yaani mara 24.6 kwa sekunde. Feni ina mapanga 9, kwa hiyo hewa inasukumwa mara 221.4 kwa sekunde. Huo ni mtetemo halali kabisa, kila feni inao. Sasa kifaa kinachukua sampuli 250 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo chochote kinachozidi nusu yake, hezi 125, hakiwezi kuonekana kilivyo. Kile cha 221.4 hakipotei; kinakunjwa na kujitokeza kwenye 28.6, yaani 250 ukitoa 221.4, kikiwa na ukubwa wake uleule.

Hapo ndipo fundi anapoanza kupoteza muda. Grafu inaonyesha kilele cha 24.6, ambacho ni mzunguko wa mota, na jirani yake kingine cha 28.6 kisicho na maelezo. Atakaza boliti za msingi, atashuku beringi, pengine ataagiza mpya. Dalili ya uongo huo ni ya kushangaza kidogo. Jioni volti ikishuka na mota ikapungua hadi mizunguko 1,470, kilele cha kweli kinashuka hadi 24.5, lakini kile cha uongo kinapanda hadi 29.5! Hakuna beringi inayotetemeka haraka zaidi kwa sababu mashine imepunguza mwendo. Ukitaka uhakika bila kungoja jioni, badilisha kasi ya sampuli iwe 260: cha kweli kitabaki palepale, cha bandia kitahamia 38.6.

Wanaotetea kasi wana hoja, na si ndogo. Ukichukua sampuli 1,000 kwa sekunde, ukomo unakuwa hezi 500 na mapanga yanaonekana mahali pake, 221.4, bila kununua kitu. Kichujio cha analogia kinachokata kwa ukali karibu na ukomo kina vipande vingi, kinagharimu, na kinachelewesha mawimbi. Kwa feni hii peke yake wangeshinda.

Tatizo ni kwamba kasi inahamisha ukomo tu, haifungi mlango. Beringi inayoanza kuharibika hugonga, na kila pigo linaamsha mitetemo ya maelfu ya hezi, pamoja na mtetemo wa asili wa kitambuzi chenyewe. Kitambuzi cha viwandani chenye mtetemo wa asili karibu na hezi 22,000, kikisomwa kwa sampuli 10,000 kwa sekunde, kitaonyesha kilele kwenye 2,000 ambacho hakipo kwenye mashine. Na ukishaingiza namba kwenye kompyuta, hakuna programu inayoweza kujua ipi ilitoka 22,000 na ipi ilizaliwa 2,000. Ndiyo maana kichujio kinakaa kabla ya kusoma, si baada.

Kinachosahaulika ni kuwa kasi ndiyo inayokifanya kichujio kiwe rahisi. Ukisoma kwa 10,000, rezista ya omu 1,600 na kapasita ya nanofaradi 100 zinaanza kukata karibu na hezi 1,000, na kile cha 22,000 kinabaki takriban sehemu moja ya 22. Ukisoma kwa 250, kichujio cha namna hiyo kikikata hezi 100 bado kingeruhusu kama asilimia 40 ya mtetemo wa mapanga.

Kuna mtego mwingine kwa waliokwisha kununua kasi. Sampuli 10,000 za baiti mbili kwa sekunde ni gigabaiti 1.7 kwa siku kwa sensa moja, na bando la simu haliwezi kubeba hilo. Basi mtu anahifadhi sampuli moja kati ya kila 40 na kutupa zilizobaki. Huko ni kurudi kwenye 250, na kilele cha 28.6 kinarudi nacho. Kupunguza kunaruhusiwa, ila chuja kwanza kidijitali kwa ukomo wa kasi mpya ndipo uruke. Au tuma sekunde chache za kasi kamili kila saa.

Wenye sensa ya MPU-6050 wana kichujio tayari ndani, lakini kikiwashwa kinaanza na upana wa hezi 260. Kwa usomaji wa 250, mapanga yanapita bila kuzuiwa. Weka mpangilio wa kichujio hicho, `DLPF_CFG`, kuwa 3, upana unakuwa hezi 44. Utaona mzunguko wa mota safi, lakini mapanga umeyaaga. Ukiyahitaji, iache kwenye 0 na usome 1,000.