Mwacheni Edipode, Mshikeni Laio

Kuna mtu kaandika, tena kwa kujiamini kabisa, kwamba Edipode alikuwa mjinga. Ukishaambiwa utamuua baba yako na kumwoa mama yako, anasema, kaa mbali na kila mwanamume mzee na usioe mwanamke aliyekuzidi umri, mchezo umekwisha. Watu wamempongeza. Mwingine akadakia kwamba hadithi zote za utabiri ndivyo zilivyo: imeandikwa, basi, wahusika ni vikaragosi tu.

Jamani. Hivi tumeisoma tamthilia ileile ya Sofokle, yule mwandishi wa Ugiriki ya kale?

Twendeni polepole, tuanze kwa baba. Laio, mfalme wa Thebe, anatabiriwa kwamba mtoto atakayezaa na mkewe Yokasta atamuua. Mtoto anazaliwa. Hata siku tatu hazijatimia, Laio anamfunga vifundo vya miguu na kuamuru akatupwe mlimani Kithairon, mahali pasipopitika. Mchungaji aliyekabidhiwa kazi hiyo anamwonea huruma, anampa mchungaji mwenzake kutoka Korintho, na huko mtoto analelewa na mfalme Polibo na mkewe Merope, ambao hawakubahatika kuzaa. Anakua akiwaita baba na mama.

Sasa niambieni, ni katika mazingira gani kijana mwenye akili timamu anaweza kumuua baba yake bila kujua? Ni pale tu asipoijua sura ya baba yake. Na atamwoaje mama yake mzazi? Ni pale tu mama huyo atakapokuwa mgeni kwake. Kijana aliyelelewa Thebe, aliyekula sahani moja na Laio na kukemewa na Yokasta, angeweza kumuua baba yake, sikatai, wafalme wameuawa sana na watoto wao. Lakini angejua anachofanya, na ile ndoa isingewezekana kabisa. Laio hakuuzuia utabiri, aliutengenezea njia. Kitu kimoja ambacho kingekuwa kinga, yaani mtoto kuwajua wazazi wake, ndicho alichokivunja kwa mkono wake mwenyewe.

Ndiyo maana ile kauli ya "imeandikwa" inanichosha. Kutoka mwanzo mpaka mwisho hakuna mungu anayeshuka kumshika mtu mkono. Laio anaogopa, mchungaji anahurumia, Polibo na Merope wanampenda mtoto kiasi cha kutomwambia ukweli. Kila mmoja ana sababu ambayo mimi na wewe tungekuwa nayo, na kila mmoja anaongeza siri yake juu ya siri ya mwenzake.

Tuje kwa Edipode. Karamuni, mlevi mmoja anamtupia neno kwamba yeye si mtoto halisi wa baba yake. Anawauliza wazazi, wanamkasirikia mlevi, wanamtuliza, lakini neno limeshamwingia. Anaondoka bila kuwaaga, anakwenda Delfi, kwenye hekalu la utabiri, kumuuliza mungu Apolo. Amekwenda kuuliza wazazi wake ni nani. Apolo hamjibu hilo. Anamwambia jingine kabisa: utamuua baba yako, utamwoa mama yako.

Na hapa, sawa, nampa yule mkosoaji nusu ya hoja yake, kwa shingo upande. Edipode alikuwa na shaka halali mkononi, akaiacha idondoke. Alikwenda kuuliza kama Polibo ni baba yake, akarudi akitenda kana kwamba amejibiwa ndiyo. Angesimama pale hekaluni akafikiri, angeona kwamba swali lake bado liko wazi na kwamba kila mzee barabarani anaweza kuwa ndiye. Ila ujinga sio huo. Hofu kubwa huifukuza shaka ndogo, na mtu aliyeambiwa atamuua baba yake hamfikirii mwingine ila yule aliyembeba mgongoni utotoni. Akaapa kutorudi Korintho tena. Kila hatua aliyopiga kwenda upande mwingine aliihesabu kuwa ni ya usalama.

Kwa hiyo anapofika njia panda, pale barabara tatu zinapokutana, yeye anajiona hana hatari yoyote. Mzee ndani ya gari la farasi anataka kupishwa njia kwa nguvu, dereva anamsukuma, Edipode anampiga dereva, mzee anamvizia anapopita na kumtwanga kichwani kwa fimbo ya kuswagia yenye ncha mbili. Edipode anawaua. Hasira mbaya, ndiyo, na sitamtetea. Lakini nionyesheni ni kwa nini aliyetoka kumnusuru baba yake aliyeko Korintho angehofia kwamba mzee mkorofi wa barabarani ndiye baba.

Mzee huyo alikuwa Laio, na mmoja wa watu wake aliponyoka. Ni yuleyule mchungaji wa mlimani! Alisimulia kwamba waliowaua ni majambazi wengi, na alipomwona Edipode, aliyekuwa ameshafika Thebe na kumwoa mjane Yokasta, amekaa kwenye kiti cha enzi akamwangukia Yokasta ampeleke malishoni, mbali kabisa na mji. Alijua muuaji ni nani, akanyamaza. Miaka ikapita, watoto wanne wakazaliwa.

Halafu Sofokle anafanya kitu ambacho mpaka leo kinanisisimua. Mjumbe anafika kutoka Korintho na habari kwamba Polibo amekufa. Edipode anapumua: utabiri umeshindwa. Bado anamhofia Merope. Mjumbe, mzee wa watu mwenye nia njema na anayetarajia zawadi, anataka kumwondolea hofu hiyo, basi anamwambia usiogope, Merope si mama yako. Neno la kumtuliza ndilo linalomfunua. Aristoteli alilitaja tukio hili hasa alipoeleza mgeuko wa mambo. Yokasta anaelewa kabla ya mumewe na kumsihi aache kuuliza. Hata wakati huo, bado kuna anayetaka siri iendelee.

Hadithi nyingine zina mtambo uleule. Mfalme Kroiso, katika masimulizi ya mwanahistoria Herodoto, anaota mwanawe atauawa kwa ncha ya chuma, anaficha silaha zote nyumbani, kisha anampa mlinzi wa kumsindikiza kwenye mawindo, na mkuki wa mlinzi huyo ndio unaomkosa nguruwe na kumpata kijana. Voldemort, yule mchawi mwovu wa Harry Potter, anasikia nusu tu ya utabiri na kukimbilia kumuua mtoto mchanga, wakati wavulana wawili walikuwa wanafaa maelezo hayo. Voldemort akamchagua mmoja, akamwachia alama na sababu ya kumchukia. Kama angekaa kimya, adui asingekuwepo.

Kwa waandishi wetu wa fantasia ninachoomba ni kidogo. Mkiweka utabiri, ufuteni kwa muda kwenye rasimu muone. Kama mfalme bado anakufa vilevile, utabiri wenu ni mapambo, uondoeni. Na kama ili utimie ni lazima shujaa asahau alichoambiwa ukurasa uliopita, au mchawi mwenye hekima akatae kusema neno moja bila sababu yoyote, basi wahusika wenu kweli ni vikaragosi, na yule bwana wa maoni mtakuwa mmempa haki. Siri inahitaji mtu wa kuifunika, na mtu huyo anahitaji hofu au upendo wa kumfanya aifunike. Laio alikuwa na hofu. Merope alikuwa na upendo. Wote wawili walifanya kazi moja.